Mkojo Mwekundu na Chai ya Rangi: Slaidi ya Kifua Kikuu Inapogeuzwa Mazungumzo

Katika mafunzo ya watoa huduma za kifua kikuu ipo slaidi moja ambayo karibu kila mwezeshaji anayo. Juu yake pameandikwa `2RHZE/4RH`. Chini yake kuna jedwali la uzito wa mgonjwa na idadi ya vidonge, kisha mistari mifupi ya madhara ya dawa: mkojo mwekundu, ganzi ya miguu, kuona ukungu, manjano ya macho. Kwa nesi aliyekaa darasani slaidi hiyo inatosha, kwa sababu kila alama inamkumbusha jambo ambalo tayari analijua. Kwa mgonjwa wa Mbagala au Tandale aliyekabidhiwa vidonge vyake asubuhi hiyohiyo, haisemi kitu. Yeye anajua kwamba amemeza dawa, amekwenda msalani, na mkojo wake umekuwa na rangi ambayo hajawahi kuiona.

Baina ya slaidi hiyo na mgonjwa huyo kuna kazi ya kufanywa, na njia mojawapo ya kuifanya ni kuigeuza slaidi kuwa mazungumzo ya watangazaji wawili kwa mtindo wa podikasti: dakika saba au nane za kusikilizwa kwenye simu, mmoja akiuliza na mwenzake akieleza. Elimu ya afya kwa sauti si jambo geni nchini Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Vikundi hivyo havikuachiwa redio peke yake. Kila kimoja kilikuwa na kiongozi na kitabu, na kipindi kilipokwisha wasikilizaji walijadiliana. Anayerekodi leo kwa ajili ya simu hana kiongozi wa kikundi wa kumtegemea. Maswali ambayo kikundi kingeyauliza baada ya kipindi inambidi ayaweke ndani ya kipindi chenyewe, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na sauti mbili.

Kosa la kawaida ni kuanza na slaidi ya kwanza na kuisoma kwa zamu hadi ya mwisho. Kinachopatikana ni hotuba moja iliyokatwa vipande viwili. Slaidi hupangwa kwa mantiki ya mwalimu: ugonjwa, vimelea, vipimo, dawa, madhara. Mgonjwa hafikiri kwa mpangilio huo. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, mwandishi huchukua kila mstari wa slaidi na kujiuliza ni swali gani la mtu wa kawaida ambalo mstari huo unalijibu. `4RH` ni jibu la swali hili: "Kikohozi kimekwisha, kwa nini niendelee kumeza?" Mstari wa mkojo mwekundu unajibu, "Je, ninatoka damu?" Mstari usiopatiwa swali hauingii katika mazungumzo, hata kama mwezeshaji anaupenda. Maswali yenyewe hayatungwi ofisini. Yapo kwenye benchi la kliniki, na nesi wa dawa anayesikiliza kwa asubuhi mbili au tatu ataondoka nayo yakiwa katika maneno ya wenyewe.

Baada ya hapo huchaguliwa watangazaji. Anayeeleza awe mtu anayetoa dawa hizo kila siku, si lazima bingwa. Anayeuliza ndiye mgumu kumpata. Akiwa mtangazaji wa kukodi atauliza kwa sauti nzuri maswali ambayo hayamhusu. Aliyewahi kuugua na kumaliza dozi anafaa zaidi, kwa kuwa anakumbuka alichokiogopa. Sauti moja ya kike na nyingine ya kiume husaidia, maana kipaza sauti cha simu ndogo hakitofautishi sauti mbili zinazokaribiana.

Tuseme muulizaji ni mama lishe aliyemaliza dawa, na anayeeleza ni nesi wa kiume wa kliniki ya kifua kikuu. Alama ile ya juu ya slaidi, `2RHZE/4RH`, maana yake ni miezi miwili ya dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, ikifuatiwa na miezi minne ya mbili za kwanza. Katika mazungumzo inakuwa hivi:

MUULIZAJI: Kaka nesi, mimi wiki ya nne nilikuwa sikohoi tena. Nimerudi jikoni, ninakula, nimenenepa. Nikajiuliza, haya madawa ninayameza ya nini?

NESI: Wewe umelima shamba, dada?

MUULIZAJI: Nimelima. Mkuranga, kwa mama.

NESI: Ndago unazijua.

MUULIZAJI: Ndago! Unapalilia leo, wiki ijayo zimerudi.

NESI: Kwa nini zinarudi, na wewe umezikata zote?

MUULIZAJI: Umekata majani. Vile viazi vyake viko chini.

NESI: Kifua kikuu ni hivyohivyo. Vimelea vingi vinavyokukohoza hufa katika wiki za mwanzo, na hapo ndipo unapojisikia mzima. Vinabaki vichache vilivyotulia, havizaliani kwa kasi, na dawa inavipata polepole. Miezi ile inayobaki tunachimba viazi.

MUULIZAJI: Na nikiacha?

NESI: Kikohozi kinaweza kurudi baada ya miezi kadhaa. Na kikirudi, huenda dawa hizihizi zisikifae tena.

Swali la mwisho la mama lishe ni fupi, lakini bila hilo mfano wa ndago ungebaki picha nzuri tu. Kila mfano una mahali unapokoma. Ndago zinaeleza vizuri ugonjwa kurudi; hazielezi usugu wa dawa, kwa sababu ndago haizoei jembe. Ndiyo maana nesi anauacha mfano na kulisema la usugu waziwazi. Mwandishi anayeupenda sana mfano wake hujaribu kuuvuta hadi ufike kila mahali, na hapo ndipo msikilizaji anapojifunza jambo lisilo la kweli.

Muulizaji anaweza pia kudai ushahidi: "Nani aliyesema miezi sita?" Jibu linastahili kutolewa, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Zamani matibabu ya kawaida yalichukua miezi 18. Utafiti wa mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, ambao matokeo yake ya mwanzo yalichapishwa mwaka 1972, uliwatibu wagonjwa kwa miezi sita kwa michanganyiko tofauti ya dawa. Waliopata mchanganyiko wenye rifampisini, takriban 3 kati ya 100 ndio waliorudiwa na ugonjwa. Waliopata streptomaisini na isoniazidi peke yake kwa miezi hiyohiyo sita, zaidi ya mmoja kati ya watano walirudiwa. Katika kipindi cha dakika nane takwimu moja ya namna hii inatosha. Ya pili humfanya msikilizaji asahau ya kwanza.

Ugumu wa kazi hii unaonekana zaidi katika mstari wa madhara. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa au nyekundu, na wakati mwingine jasho na machozi pia. Ni rangi ya dawa yenyewe, haina madhara. Mtu anayetafuta lugha rahisi ataandika bila kusita: "Mkojo ukibadilika rangi usiogope, ni kawaida." Sentensi hiyo ni nyepesi, inatuliza, na inaweza kuua. Sababu ni kwamba isoniazidi, pirazinamidi na rifampisini zote zinaweza kuudhuru ini, na ini likidhurika mkojo nao hubadilika rangi. Huwa mweusi mweusi wa kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba mabadiliko ya rangi ni kawaida atakaa nyumbani akiendelea kumeza vidonge, huku macho yakigeuka manjano.

Hapa sauti ya pili inaonyesha faida yake, kwa sababu muulizaji hakubali jibu la kwanza:

MUULIZAJI: Siku ya kwanza nilipiga kelele chooni. Nilidhani ni damu.

NESI: Wengi hudhani hivyo. Ni rangi ya kidonge. Inatoka jinsi ilivyoingia.

MUULIZAJI: Basi rangi yoyote nitakayoiona, nisijali?

NESI: Hapana, si rangi yoyote. Rangi ya machungwa au wekundu unaouona tangu siku za mwanzo, hiyo ni dawa. Lakini mkojo ukiwa kama chai ya rangi iliyokolea, chakula kinakukinai, unatapika, na mtu akikutazama macho anaona manjano, usisubiri tarehe yako. Usimeze kidonge kingine, njoo kliniki siku hiyohiyo.

MUULIZAJI: Siku hiyohiyo, hata Jumapili?

NESI: Jumapili kliniki yetu imefungwa, nenda hospitali mapokezi ya dharura. Chukua na vidonge vyako, wavione.

MUULIZAJI: Na nikiwa sina uhakika na rangi? Choo chetu hakina hata taa.

NESI: Kojoa kwenye kopo jeupe, ulitazame mchana. Na mwambie mtu akuangalie weupe wa macho. Macho hayatiwi rangi na kidonge.

Swali la choo kisicho na taa halimo katika slaidi yoyote. Linatoka katika nyumba za kupanga za Tandika na Mwananyamala, ambako familia nne au tano hutumia choo kimoja uani. Na jibu la nesi kuhusu macho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu linampa msikilizaji alama ambayo haichanganyiki. Maneno nayo yamechaguliwa kwa uangalifu. Anasema "manjano ya macho" na si "homa ya manjano", kwa kuwa hilo la pili ni jina la ugonjwa mwingine kabisa, na wapo wagonjwa ambao wangejibu kwamba wameshachanjwa.

Mistari mingine ya madhara haihitaji nafasi kubwa hivyo. Ganzi na kuwashwa miguu kunakoletwa na isoniazidi hutibika kwa vitamini B6, na inatosha kumwambia msikilizaji aitaje kliniki badala ya kuinunulia dawa ya kupaka. Kuona ukungu au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, ambako huweza kusababishwa na ethambutoli, kunaingia katika kundi la macho ya manjano: rudi mara moja. Kwa sikio la msikilizaji makundi ni mawili tu, yale ya kuvumilia ukayaeleze siku ya tarehe yako, na yale ya kurudi leo. Slaidi yenye madhara tisa yaliyopangwa kwa majina ya dawa humfaa daktari anayetafuta ni kidonge kipi cha kusimamisha. Mgonjwa anahitaji kujua kama apande daladala sasa hivi.

Kuna jambo ambalo slaidi huliacha mara nyingi na ambalo mwanamke msikilizaji atalitaka. Rifampisini hulifanya ini livunje homoni haraka, kwa hiyo vidonge vya majira na vijiti vya mkononi hupoteza sehemu ya nguvu zake. Kitanzi hakiathiriki. Muulizaji akiwa mwanamke, swali hili linakuja lenyewe na halihitaji kusukumwa: "Na sisi wenye vijiti?" Akiwa mwanamume, mwandishi hulazimika kulipachika, na msikilizaji huhisi kwamba limepachikwa.

Jedwali la uzito, kwa upande mwingine, linapaswa kutupwa. Katika slaidi lina kazi yake: mtu wa kilo 55 hadi 70 humeza vidonge vinne vya mchanganyiko kila siku, mwepesi zaidi hupungukiwa, mzito huongezewa. Lakini sauti haina safu wala mistari, na msikilizaji hushika namba ya kwanza aliyoisikia. Nesi akisema "vidonge vinne" kama mfano tu, kuna mama wa kilo 42 atakayejiuliza kwa nini kliniki imempa vitatu, na pengine akaongeza kimoja kutoka boksi la kesho. Katika mazungumzo husemwa hivi: "Meza idadi uliyoandikiwa kwenye kadi yako, imepimwa kwa uzito wako, na ukiongezeka uzito tutaiangalia upya." Namba yenyewe inabaki kwenye kadi.

Maandishi yakikamilika, yapo majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza ni kufunika majina ya wasemaji kwa kidole na kusoma. Ikiwa haijulikani nani anasema nini, hakuna mazungumzo hapo. Dalili yake kubwa ni muulizaji anayeitikia "ndiyo kabisa" na "hilo ni muhimu sana" mahali ambapo angeuliza "kwa nini?" Jaribio la pili ni la wasikilizaji. Wagonjwa watano wasikilize mara moja, kila mmoja peke yake, bila kurudisha nyuma. Wasiulizwe kama wameelewa, kwa maana kila mtu atasema ameelewa mbele ya nesi. Waulizwe: "Leo ukirudi nyumbani, utamweleza nini yule anayekusimamia kumeza dawa?" na "Kitu gani kitakurudisha hapa kabla ya tarehe yako?" Wawili kati ya watano wakikosea mahali pamoja, kosa ni la maandishi. Inafaa kusikiliza hasa kama wanazitenganisha rangi mbili za mkojo. Anayejibu kwamba "mkojo ukibadilika ni kawaida" amepotoshwa na kipindi, na kipindi hicho hakipaswi kutoka.

Kisha yule anayesimamia kifua kikuu katika kituo na mfamasia husoma maandishi wakiwa na slaidi pembeni, sentensi kwa sentensi. Si kazi ya kurudisha istilahi zilizoondolewa, ingawa kishawishi cha kufanya hivyo ni kikubwa, hasa kwa sisi tuliosomea mambo haya kwa Kiingereza. Kazi yao ni kutafuta penye neno "usijali", "kawaida", "daima" na "kamwe", na kuuliza kama kweli hakuna mgonjwa ambaye neno hilo litamdhuru.

Kurekodi kwenyewe ni kwepesi. Simu mbili, chumba chenye mapazia au magodoro, feni imezimwa. Sauti ya dakika nane ikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti nne, kiasi ambacho mwenye bando dogo anaweza kukipokea kwa Watsapu, na asiye na bando akatiliwa kwenye memori kadi. Kinachosahaulika ni jina la faili na sentensi ya kwanza. Katika nyumba ya kupanga yenye ukumbi mmoja, simu husikika milango yote, na jina la faili huonekana na kila anayeazima simu. Faili iitwayo `kifua_kikuu_mgonjwa.mp3` imeshamtangaza mwenyewe. Ikiitwa `miezi_sita.mp3`, na kipindi kikianza kwa mama lishe akilalamikia bei ya nyanya kabla ya kutaja ugonjwa, msikilizaji anapata sekunde ishirini za kupunguza sauti au kutafuta vifaa vya masikioni. Kwa sababu hiyohiyo mambo ya Virusi vya Ukimwi, ingawa kila mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa kupima, huwekwa katika faili yake na kukabidhiwa kwa anayehusika peke yake.

Mwishoni mwa sauti hutajwa mwezi na mwaka wa kurekodiwa. Miongozo hubadilika: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza miezi minne kwa watoto na vijana wa hadi miaka 16 wenye kifua kikuu kisicho kikali, na mzazi aliyesikia "miezi sita" bila tarehe anaweza kubishana na kliniki inayomwambia vingine. Sauti ikishaingia kwenye Watsapu hairudi, nayo huendelea kutembea baada ya slaidi kurekebishwa.

Inabaki siku ya kuitoa. Vituo vingi vingependa kumpa mgonjwa siku ya kwanza pamoja na dawa, lakini siku hiyo ameshikwa na homa na hofu, na kati ya yote aliyoambiwa atabaki na machache. La mkojo apewe siku hiyo, tena likiwa fupi, dakika mbili. Mazungumzo ya ndago yangoje hadi mwisho wa mwezi wa pili, anapokuja kupima makohozi na vidonge vya dawa nne vinabadilishwa kuwa vya dawa mbili. Siku hiyo hakohoi, nauli ya kliniki inaanza kumuuma, na boksi analopewa linaonekana jepesi kuliko la kwanza. Swali la mama lishe, "haya madawa ninayameza ya nini?", atakuwa nalo mdomoni akitoka getini.